Kukokotoa GPA penye W na I: kwa nini wastani unaouona leo huenda usibaki

Kwenye hati ya matokeo kuna herufi mbili zinazowasumbua wanafunzi kuliko hata F. Moja ni W, inayoonyesha kwamba ulijitoa kwenye kozi kabla haijaisha. Nyingine ni I, inayoonyesha kwamba kozi imeisha lakini kuna kazi yako ambayo haijakamilika, labda ripoti, labda mtihani ulioukosa kwa ugonjwa. Zote mbili hazina pointi. Kwa sababu hiyo watu huzichukulia kama kitu kimoja: wapo wanaoamini kwamba zote zinahesabiwa sifuri, na wapo wanaoamini kwamba hazigusi chochote.

Kwa upande wa W, wa pili wako karibu na ukweli. Kwa upande wa I wote wamekosea, maana I ni gredi inayosubiri kuwa gredi nyingine. Ikishapata jina lake halisi, pointi na krediti za kozi hiyo zinaingia kwenye hesabu, na wastani uliouzoea unabadilika. Mwongozo huu unapitia hesabu yenyewe hatua kwa hatua, kwa kutumia mwanafunzi mmoja wa mfano ambaye ana W moja na I moja.

Nitatumia kipimo cha pointi 4: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na F ni 0. Kama chuo chako kina B+ au kipimo cha pointi 5, badilisha namba tu, njia ni ileile.

Hatua ya 1: Andika kila kozi, hata ile isiyo na pointi

Toa hati yako kwenye portali na uandike kozi zote ulizosajiliwa, pamoja na krediti zake. Usiruke W wala I kwa kuwa "hazihesabiwi". Utazihitaji baadaye kwenye hesabu nyingine ambayo si ya wastani. Hivi ndivyo mihula miwili ya mwanafunzi wetu inavyosomeka:

| Muhula | Kozi | Krediti | Gredi | Krediti × pointi |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Hisabati | 4 | B | 12 |
| 1 | Uandishi | 3 | A | 12 |
| 1 | Uchumi | 3 | B | 9 |
| 1 | Historia | 3 | C | 6 |
| 1 | Kompyuta | 2 | A | 8 |
| 2 | Uhasibu | 3 | A | 12 |
| 2 | Sosholojia | 3 | A | 12 |
| 2 | Falsafa | 2 | B | 6 |
| 2 | Takwimu | 3 | W | – |
| 2 | Kemia | 4 | I | – |

Tazama kistari kwenye mistari miwili ya mwisho. Hakuna sifuri pale. Ukiandika sifuri mahali pa kistari, umeshampa mwanafunzi F mbili ambazo hakuzipata.

Hatua ya 2: Gawanya kwa krediti zenye gredi, basi

Jumlisha safu ya mwisho: muhula wa kwanza una pointi 47, wa pili una 30, jumla 77. Kisha jumlisha krediti za kozi zenye gredi halisi peke yake: 15 za muhula wa kwanza na 8 za muhula wa pili, jumla 23. Gawanya 77 kwa 23 upate 3.348. Huo ndio wastani wake wa jumla kwa leo, na ndio portali itakaouonyesha, kwa kawaida kama 3.35 au 3.34 kutegemea kama mfumo unakadiria au unakata tarakimu.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni kugawia krediti zote alizosajili, yaani 30. Jibu linatoka 2.567, na mtu anajiona amebakiza kidogo kuingia kwenye onyo la kitaaluma wakati yuko salama. La pili limejificha zaidi: kuchukua wastani wa kila muhula na kuugawa kwa mbili. Muhula wa kwanza ni 47 kwa 15, yaani 3.133. Wa pili ni 30 kwa 8, yaani 3.75. Ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 3.44, ambayo ni ya juu kuliko ukweli kwa karibu pointi moja ya kumi.

Kosa hilo la pili halionekani sana kwa mwanafunzi anayebeba krediti zilezile kila muhula, maana mihula yake ina uzito sawa. W na I ndizo zinazovuruga usawa huo. Zimeutoa muhula wa pili kwenye krediti 15 na kuuacha na krediti 8, kwa hiyo ile 3.75 ya kupendeza haina nguvu ya kutosha kuvuta wastani wa jumla. Siku zote rudi kwenye pointi na krediti zenyewe. Usikokotoe wastani wa wastani.

Ukitumia lahajedwali, weka krediti kwenye safu B na pointi za gredi (4, 3, 2, 1 au 0) kwenye safu D, kozi kumi zikiwa mstari wa 2 hadi wa 11. Kisha andika:

```
=SUMPRODUCT(B2:B11,D2:D11)/SUMIF(D2:D11,">=0",B2:B11)
```

Kwa W na I, acha seli ya safu D wazi kabisa. Kwa F, andika 0. Fomula inatofautisha seli tupu na sifuri: tupu inaachwa, sifuri inaongeza krediti kwenye upande wa kugawia. Kwenye baadhi ya kompyuta, kutegemea mpangilio wa lugha, utalazimika kuweka nukta-mkato mahali pa mkato.

Hatua ya 3: Soma W yako vizuri, kisha iache

Kuna hali tatu zinazofanana kwa mtu aliye nje. Ukiacha kozi ndani ya kipindi cha mwanzo cha kuongeza na kupunguza kozi, kwa kawaida haionekani kabisa kwenye hati. Ukijitoa baada ya kipindi hicho lakini kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa, unapata W. Ukiacha kuhudhuria bila kujaza fomu, hujajitoa. Umetoweka, na mwalimu atalazimika kukupa gredi kutokana na alama ulizo nazo, ambayo mara nyingi ni F. Vyuo vingine vina herufi ya nne, WF, kwa anayejitoa akiwa tayari anafeli, na kuna vinavyoihesabu WF kama F kamili. Kwa hiyo kabla ya kufurahi kwamba umepata "W", angalia kama kuna herufi nyingine ubavuni.

W safi ikishaandikwa, haibadiliki. Haina pointi, haina krediti kwenye wastani, na haina tarehe ya kuisha. Ukija kuisoma kozi ileile tena, mstari mpya unaandikwa chini na W ya zamani inabaki palepale, kimya.

Je, mwanafunzi wetu alifanya vizuri kujitoa kwenye Takwimu? Hesabu inategemea jambo moja ambalo wengi hawaliulizi: chuo kinafanyaje mtu akirudia kozi. Tuseme alikuwa anaelekea kupata D. Angebaki, wastani wake ungekuwa 80 kwa 26, yaani 3.077. Sasa mpeleke mbele hadi muhula anaporudia na kupata B.

Kama chuo kinafuta gredi ya zamani na kuhesabu mpya, D inaondoka, B inaingia, na wastani ni 86 kwa 26, yaani 3.308. Aliyejitoa kwa W kisha akapata B anafika palepale, 86 kwa 26. W haikumpa faida ya kudumu kwenye wastani, ilimwondolea tu muhula mmoja wa kuonekana na 3.077.

Kama chuo kinahesabu majaribio yote mawili, D inabaki na B inaongezwa: 89 kwa 29, yaani 3.069. Hapo W ina thamani kubwa, maana aliyejitoa ana 3.308 na aliyeng'ang'ania ana 3.069 kwa maarifa yaleyale ya Takwimu. Na kama chuo kinaweka dari kwenye gredi ya kurudia, tuseme haizidi C hata ukifaulu vipi, basi aliyepata D anaishia 83 kwa 26, yaani 3.192. Aliyejitoa, mahali ambapo W haihesabiwi kuwa jaribio lililofeli, anaweza kuandikiwa B yake kamili.

Kwa hiyo tafuta kanuni ya kurudia kozi kabla ya kujaza fomu ya kujitoa. Neno la tahadhari: kihesabu, gredi yoyote iliyo chini ya wastani wako wa sasa inaushusha, na kwa mwenye 3.348 hata B inaushusha. Usilifanye hilo sababu ya kujitoa kwenye kila kozi unayotarajia B. Utamaliza na wastani mzuri wa kozi chache na bila shahada.

Hatua ya 4: Fungua I ujue ndani yake kuna nini

Hapa ndipo kazi ilipo. I ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikipita bila kazi kukabidhiwa, mfumo unaigeuza wenyewe. Swali ni: inageuka kuwa nini?

Kuna namna mbili kuu. Kwenye vyuo vingine I isiyokamilishwa inakuwa F moja kwa moja, hata kama ulikuwa umefanya vizuri kazi nyingine zote. Kwenye vingine mwalimu anaandika gredi ya akiba siku anayoweka I, akikokotoa kana kwamba kazi iliyobaki imepata sifuri. Kazi isipofika, gredi hiyo ya akiba ndiyo inayoingia. Fomu ya makubaliano ya I, ile uliyotia saini pamoja na mwalimu, ndiyo yenye jibu. Ina mambo matatu unayoyahitaji: kazi gani imebaki, tarehe ya mwisho, na gredi itakayoingia usipotimiza. Kama huna nakala, iombe idarani leo.

Kisha kaa na alama zako. Mwanafunzi wetu hajakabidhi ripoti za maabara za Kemia, zenye uzito wa alama 20 kati ya 100. Zilizobaki anazo: mazoezi 15 kati ya 20, majaribio 21 kati ya 30, mtihani wa mwisho 22 kati ya 30. Jumla ni 58. Tuseme kozi yake inatoa A kuanzia 80, B kuanzia 70, C kuanzia 60 na D kuanzia 50.

Sasa I imefunguka. Akikaa bila kufanya kitu ana 58, ambayo ni D ya akiba. Akipata alama 2 tu kwenye ripoti, anaingia C. Akipata 12, anaingia B. Na akipata zote 20? Anafika 78. A haipo tena, ilishapotea siku ya mtihani.

Weka matokeo hayo kwenye wastani. Kemia ina krediti 4, kwa hiyo upande wa kugawia unatoka 23 na kuwa 27 kwa vyovyote vile:

- Akipata B: 89 kwa 27, yaani 3.296.
- Akipata C: 85 kwa 27, yaani 3.148.
- Ikibaki D ya akiba: 81 kwa 27, yaani 3.000 kamili.
- Kama chuo kinaigeuza kuwa F: 77 kwa 27, yaani 2.852.

Rudi uangalie namba tuliyoanza nayo, 3.348. Haimo kwenye orodha. Kila njia iliyo mbele ya mwanafunzi huyu inaishia chini ya wastani anaouona kwenye portali leo, hata ile ya kufanya kila kitu kwa ukamilifu. Ile 3.348 inapendeza kwa sababu kozi yenye krediti nyingi kuliko zote za muhula huo haimo. Hakuna aliyekosea wala aliyedanganya, mfumo umehesabu sawasawa kwa kilichokuwepo.

Kinyume chake pia hutokea. Mwenye wastani wa 2.4 ambaye I yake inaelekea B anaonekana vibaya kuliko alivyo. Ndiyo maana ni vigumu kusema kwa ujumla kama I "inashusha" au "inapandisha": linganisha pointi za gredi inayowezekana na wastani wako wa sasa, utajua upande inakoelekea.

Jambo moja la kuepuka: usisajili kozi hiyo upya ili "kuifuta" I. Kwenye vyuo vingi I hukamilishwa kwa kukabidhi kazi iliyobaki chini ya usajili uleule. Ukisajili tena unafungua jaribio la pili, huku la kwanza likiendelea kuelekea tarehe yake ya mwisho. Unaweza kujikuta na F kutoka I ya zamani na B kutoka usajili mpya, zote kwenye hati moja. Na kama kanuni ni ya kuhesabu majaribio yote, ripoti za maabara za alama 20 zimekugharimu krediti 4 za sifuri.

Hatua ya 5: Unapoombwa wastani wako, jua ni upi

Fomu ya udhamini inasema wastani usipungue 3.3. Portali inasema 3.35. Mwanafunzi wetu anajaza, anatuma, analala usingizi. Miezi miwili baadaye anakabidhi ripoti zake, anapata B aliyoitaka, na wastani unakuwa 3.296. Mfadhili anapoomba hati ya pili kabla ya kutoa fedha, kuna mambo mawili yanayoweza kutokea. Mfumo unaokadiria kwa tarakimu mbili utaandika 3.30, naye amepita. Mfumo unaokata bila kukadiria utaandika 3.29, naye hajapita. Namba ni ileile na kazi ni ileile.

Kwa hiyo, ukiwa na I, beba namba tatu kichwani: wastani wa leo, wastani mbaya kuliko yote unaoweza kutokea, na wastani bora unaowezekana kweli kwa alama zilizobaki. Kwa mfano wetu ni 3.348, kisha 3.000 (au 2.852 kama chuo ni cha kugeuza kuwa F), kisha 3.296. Kama sharti liko kati ya namba hizo, mweleze anayepokea maombi mapema kwamba kuna I inayosubiri. Hati yenyewe itaonyesha I, hivyo hakuna siri unayoifichua.

Baadhi ya vyuo hukuondolea tatizo hili kwa njia kali zaidi: penye I, matokeo ya muhula hayatolewi kabisa na sehemu ya wastani inabaki wazi hadi I ifungwe. Ukiona nafasi tupu mahali pa GPA, usidhani ni hitilafu ya portali. Uliza kwanza kama ndiyo kanuni.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya pili, ya krediti ulizokamilisha

W haigusi wastani, lakini inahesabiwa kwingine. Mbali na wastani, vyuo na wafadhili wengi huangalia mwendo wako: krediti ulizokamilisha zikigawanywa kwa krediti ulizojaribu. Kwenye hesabu hiyo W na I kwa kawaida huwekwa upande wa zilizojaribiwa na hazimo upande wa zilizokamilika.

Mwanafunzi wetu amejaribu krediti 30 na kukamilisha 23, yaani takriban asilimia 77. Kemia ikifaulu anafika 27 kwa 30, asilimia 90. Takwimu yenye W itabaki upande wa chini daima, hata atakapoifaulu baadaye, kwa sababu jaribio la pili linaongeza krediti nyingine 3 pande zote mbili.

Kanuni inayojulikana sana ya namna hii ni ya misaada ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi. Kule, muda wa juu wa kumaliza shahada ya kwanza ni asilimia 150 ya urefu wa programu uliotangazwa. Ndiyo sababu vyuo vingi vya huko hudai mwendo usiopungua takriban theluthi mbili: ukikamilisha pungufu ya hapo, huwezi kumaliza ndani ya kikomo. Mtu anaweza kuwa na wastani wa 3.8 na bado akakatiwa msaada kwa sababu ya W nyingi. Angalia kama mfadhili wako ana sharti kama hilo, na kama linapimwa kila muhula au kila mwaka. Hapohapo angalia pia sharti la krediti za chini kwa muhula mmoja. Krediti 8 alizobaki nazo mwanafunzi wetu huenda zisimwingize kwenye orodha ya waliofanya vizuri, japo 3.75 yake inatosha.

Hatua ya 7: I ikishafungwa, kagua namba, usikague herufi tu

Mwalimu akiwasilisha gredi, subiri mfumo ukokotoe upya, kisha toa hati mpya. Kwa kawaida gredi inaingia kwenye muhula wa asili wa kozi, hata kama umeikamilisha muhula uliofuata. Kwa hiyo wastani wa muhula wa pili nao unabadilika: kutoka 3.75 unakuwa 42 kwa 12, yaani 3.5. Usishtuke ukiona muhula uliokwisha "umeshuka".

Wastani wa jumla unaotakiwa ni 3.296. Ukiwa tofauti, namba yenyewe itakuambia kilichotokea. Ukiona 3.348 ileile, gredi haijaingia kwenye hesabu, pengine herufi imebadilishwa bila krediti kuhamishwa. Ukiona 3.000, D ya akiba iliingia kabla ya mabadiliko ya mwalimu kufika. Ukiona 2.852, mfumo umeigeuza I kuwa F kwa tarehe. Na ukiona 2.967, hiyo ni 89 kwa 30: B imeingia sawasawa, lakini W ya Takwimu imehesabiwa kama sifuri yenye krediti 3.

Hali mbili za katikati huhitaji fomu ya kubadilisha gredi, na hiyo hutolewa na mwalimu kupitia idara. Ya kwanza na ya mwisho ni za ofisi ya msajili. Nenda na nakala ya makubaliano ya I, uthibitisho wa tarehe uliyokabidhi ripoti, na karatasi yenye hesabu yako: 89, 27, na jibu. Karani anayeona pointi na krediti zimeandikwa waziwazi hupata kosa haraka kuliko yule anayeambiwa tu kwamba "GPA yangu haiko sawa".